Toa Mbuzi Mmoja

Kuna vitendawili vya kutega watu wakacheka. Na kuna kile kinachokutega wewe mwenyewe, mguu ukanasa, ukabaki unarukaruka kama kuku aliyefungwa kamba. Cha Akeno kilikuwa hicho cha pili. Nacho kilikuwa hivi: nimepika vyakula kumi, wageni wote wanakula kimoja.

Chakula chenyewe ni karata. Akeno, mchora mabango ya maduka pale Lodwar, alikuwa amebuni mchezo pamoja na Malith, kijana wa Sudan Kusini anayefundisha hesabu katika kambi ya Kakuma. Akeno alichora picha, Malith akapanga bei na nguvu ya kila karata. Wakauita Malisho.

Ukitaka kuujua, kaa hapa nikueleze, si mgumu. Kila mchezaji anaanza na rundo lake la karata kumi: mbuzi sita na vumbi nne. Mbuzi mmoja anakupa kipimo kimoja cha maziwa. Vumbi haikupi kitu, inakujazia mkono tu. Zamu yako ikifika una karata tano mkononi. Unahesabu maziwa yako, unakwenda nayo sokoni, yaani katikati ya mkeka, unanunua karata yenye nguvu zaidi. Uliyonunua na ulizotumia zote zinaenda kwenye rundo la chini, kisha unavuta tano nyingine. Rundo la juu likiisha, unachanga lile la chini na kuanza tena. Kwa hiyo ulichonunua leo kitakurudia kesho, kama maneno ya mtu.

Sokoni kulikuwa na vitu vya kila namna. Ngamia alileta maziwa vipimo vitatu. Mchungaji hakuwa na maziwa yake, ila kila mbuzi uliyemshika mkononi aliongeza kipimo kimoja kwa sababu yake. Duka lilimfaa mwenye karata za aina nyingi. Kisima kiliandikwa: Vuta karata mbili. Toa mbuzi mmoja au vumbi moja. Na juu ya yote kulikuwa na Sherehe, bei yake vipimo tisa. Sherehe unaiweka mbele yako wote waione. Zikiisha sokoni, mwenye nyingi ndiye mshindi.

Sasa ugonjwa ulikuwa wapi? Ulikuwa kisimani. Mchezaji mjanja alinunua visima mapema, akatoa vumbi, akatoa mbuzi, akawarudisha kwenye boksi wasionekane tena. Rundo lake likakonda, likabaki ngamia na visima tu, na kila alipovuta alivuta ngamia. Ngamia watatu, Sherehe moja. Ngamia watatu tena, Sherehe nyingine. Wengine walioshika wachungaji na maduka walibaki kumtazama kama watu waliochelewa gari.

Bibi mmoja wa Nairobi, Makena, anayechapisha michezo na kuiuza, aliucheza mwezi uliopita akamrudishia Akeno boksi lake kwa mikono miwili, vizuri kabisa, na hiyo ndiyo iliyouma.

"Picha zako ni tamu," alisema. "Lakini nimeshinda kila mara kwa njia moja. Mchezo wenye njia moja si mchezo, ni barabara. Mwezi ujao, Jumamosi ya kwanza, nitarudi Lodwar kwa mara ya mwisho. Nikikuta barabara ile ile, tutaagana kwa amani."

Tangu siku hiyo Akeno hakutulia. Alipochora bango la kinyozi aliweka pembe za mbuzi juu ya kichwa cha mteja, akalipaka upya. Alipopika chai aliisahau hadi ikakauka. Alipandisha bei ya ngamia, na watu wakanunua ngamia vilevile, ila walichelewa wote pamoja. Alipunguza nguvu ya kisima, mchezo ukaburuta miguu na hakuna aliyeufurahia. Akatia karata ya Ukame ya kuua ngamia. Ukame ukampiga huyu ukamwacha yule, na aliyeshinda akawa ni mwenye bahati, si mwenye akili.

"Bei si dawa," Malith alimwambia kwa simu. "Ukimfungia mtu njia moja na nyingine hazina kitu, atakaa chini tu."

"Basi dawa ni nini, mwalimu?"

"Ningeijua ningekuwa nimelala."

Alhamisi Akeno alishika njia ya Kakuma na boksi lake kwapani. Hakwenda peke yake. Mjomba wake Lokaale, aliyekuwa ametoka Lokori kuuza ngozi, alisema naye anataka kuona soko la mifugo la huko, akachukua kigoda chake na fimbo akafuatana naye.

Walikutana kwenye kibanda cha chai cha Nyaluak, ndani ya kambi. Upepo wa Kakuma huwa hauombi ruhusa, kwa hiyo kila rundo la karata liliwekewa kijiwe juu yake. Malith alikuwapo, na mwanafunzi wake wa zamani Nyaruach, msichana wa kucheka kwa urahisi. Alikuwapo pia Thon, bingwa wa Malisho kambi nzima, ambaye alikuwa anacheza huku akitazama simu.

"Dada Akeno," Thon alisema bila kuinua macho, "hii gemu yenu imekufa. Mimi nacheza nikiwa nimelala. Kisima, kisima, ngamia. Mnataka niendelee?"

"Cheza, wewe. Mdomo wako ndio unaoshinda."

"Wacha uongo, hata mdomo ukifungwa nashinda."

Wa nne alikuwa aje, hakuja. Akeno hakutaka kucheza. Alitaka kusimama na kutazama, kwa sababu aliyeshika karata anaona mkono wake tu. Akamgeukia mjomba.

"Mjomba, keti nao. Kusoma unajua."

"Nilifika darasa la nne," Lokaale alisema, akaweka kigoda chake mkekani. "Lakini kama ni mambo ya mbuzi, nitafika mbali."

Wakaanza. Thon akanunua kisima, kama alivyosema. Malith naye kisima. Nyaruach akanunua mchungaji, kwa sababu Akeno alikuwa amemchora mchungaji mwenye meno makubwa na msichana alimpenda. Lokaale aliangalia wenzake, akanunua kisima, akangoja kimrudie. Kilipomrudia alikisoma polepole, kidole kikitembea chini ya kila neno.

"Vuta. Karata. Mbili." Akavuta. "Toa. Mbuzi. Mmoja." Akachagua mbuzi mmoja mkononi mwake, akamwangalia vizuri kama anayemkagua meno, kisha akamnyoshea Thon aliyekaa karibu naye. "Shika."

Thon aliinua macho kutoka kwenye simu. "Nini?"

"Mbuzi. Imeandikwa nitoe. Nimekutolea wewe."

Kibanda kizima kilicheka. Hata Nyaluak aliacha birika lake.

"Mzee, si kutoa hivyo!" Thon alisema. "Unatoa nje! Unatupa kwenye boksi, khalas, amekwisha."

Lokaale alilitazama boksi, akamtazama Thon. "Mimi nitupe mbuzi? Mbuzi mzima, ana miguu yote minne, nimtupe kwenye katoni? Wewe ulizaliwa wapi?"

"Sitaki mbuzi wako! Ataniharibia rundo langu!"

"Hutaki mbuzi." Lokaale alilisema taratibu, kama mtu anayetaka kulikumbuka neno hilo akawasimulie wengine nyumbani. "Haya. Kijana hataki mbuzi. Siwezi kukufungia shingoni." Akamgeukia Nyaruach. "Msichana, wewe?"

"Mimi nataka, mzee!" Nyaruach akampokea akamtia mkononi, karata zake zikawa sita.

"Mjomba," Akeno alianza, "kanuni inasema—" Kijiwe kimoja kiliteleza, karata mbili za vumbi zikaruka na upepo, na hakuziangalia zilikokwenda.

Zamu ya Nyaruach ilifika. Alikuwa na mchungaji mmoja na mbuzi wanne wake, na sasa huyu wa tano wa kupewa. Kila mbuzi vipimo viwili. Kumi! Akanunua Sherehe, ya kwanza mkekani, kabla Thon hajapata hata ngamia wa pili.

"Ee!" alisema Nyaluak na birika lake.

"Hiyo si halali," Thon alisema, lakini simu ilikuwa imeshaingia mfukoni.

"Endeleeni," Akeno alisema. "Endeleeni hivyo hivyo. Vumbi mtupe. Mbuzi msitupe. Mbuzi umpe mtu."

"Mtu gani?" Thon aliuliza.

"Aliye karibu yako, upande wa kulia."

Wakacheza wakamaliza, na Nyaruach akashinda, akaruka juu mpaka chai ikamwagika. Lokaale alikuwa wa mwisho, tena mbali sana, hana Sherehe hata moja. Lakini aliagiza chai nyingine kama mtu aliyemwoza binti yake. Akeno hakusherehekea. Aliwataka wacheze tena pale pale, maana dawa moja ikimponya mgonjwa mmoja haijawa dawa bado.

Na kweli, mara ya pili jino jipya likauma. Thon si mjinga. Alibadilisha nafasi, akakaa mahali pa kupokea mbuzi wa Malith, akanunua wachungaji. Mbuzi wakammiminikia, akashinda kirahisi kuliko zamani.

"Umeona?" alisema, simu ikitoka tena mfukoni. "Ulikuwa ni ngamia. Sasa ni mahali pa kukaa. Anayekaa baada ya mjinga ndiye anashinda. Samahani, mwalimu."

Malith alikuna kichwa. "Ana haki. Tumehamisha ugonjwa kutoka tumboni tukauweka mguuni."

Akeno alisimama, akatoka nje ya kibanda, akazunguka nyuma yake, akarudi. Akatoka tena. Jua lilikuwa limesimama katikati, watoto wanasukuma madumu ya maji kwa miguu, yanaviringika na kupiga kelele. Mbele yake aliona barabara ile ile ya Makena, imepakwa rangi mpya tu. Kesho Ijumaa. Keshokutwa Makena. Karata zilikuwa zimeshachapwa kwa ajili ya siku hiyo, zimekatwa, zimepangwa. Hakuna tena nafasi ya kuchora wala kuandika upya hata moja. Neno *toa* limeshakaa kwenye visima vyote, na litakaa.

Alirudi ndani akamkuta mjomba wake bado ananung'unika juu ya jambo lake.

"Nimekaa duniani siku nyingi," Lokaale alikuwa anamwambia Nyaluak, "sijaona mtu anasukuma mbuzi arudi. Mbuzi wa kupewa! Lakini ni haki yake. Nyumbani nikikuletea mbuzi umweke kwako, ili ukame ukija kwangu nisikose vyote, wewe unaangalia kwanza. Una majani? Una mtu wa kuchunga? Kama huna, unaniambia ukweli, ninarudi naye. Sikuachii mlangoni na kukimbia."

"Mjomba," Akeno alisema. "Rudia hapo."

"Wapi?"

"Ukirudi naye."

"Ninarudi naye. Hakuna mtu amemtaka, basi ni wangu, nitatembea naye. Sasa nitafanya nini, nimle?"

Akeno alishuka chini kwa mara ya kwanza siku hiyo, akapiga magoti mkekani, akavuta kisima kimoja akamwekea Malith mbele.

"Sikia. Ninaweza kumpa mbuzi mtu yeyote, si jirani tu. Lakini huyo mtu anaweza kukataa. Wote wakikataa, mbuzi anabaki mkononi mwangu, rundo langu halikondi. Sasa niambie wewe mtu wa hesabu. Tukiwa wanne na wote tunakimbilia ngamia?"

Malith alifikiri. Midomo yake ilianza kutembea. "Hakuna anayetaka mbuzi. Kila mtu anakataa. Basi hakuna anayekonda." Akagusa kisima kwa kidole. "Ngamia wanakuja, lakini wamezibwa na mbuzi. Hakuna anayekwenda."

"Na akitokea mmoja peke yake mwenye wachungaji?"

"Ee, huyo wote wanambembeleza. Atapata mbuzi wa kila mtu." Malith alicheka ghafla. "Atakuwa tajiri."

"Na sote wanne tukifuga mbuzi?"

"Hakuna anayetoa. Kila mtu ana sita wake tu, wachungaji wanakosa kazi. Na hapo mmoja akigeuka akataka ngamia, ana watu watatu wa kupokea mbuzi wake, atakonda kwa siku moja." Alikuwa amesimama sasa. "Kila njia ikijaa watu inakuwa mbaya, na ile tupu inakuwa nzuri. Akeno! Hatukuhitaji bei!"

"Halafu mbuzi wenyewe," Nyaruach alidakia, "ukiwapokea mno mchungaji anapotea kwenye rundo. Mimi mara ya pili nilikuwa na mbuzi wengi na mchungaji simwoni. Itabidi nikatae wengine."

"Na karata?" Malith aliuliza. "Zote zimechapwa 'Toa'."

"Toa," Akeno alisema. "Zinasema kweli. Sisi ndio tuliozisoma vibaya."

Thon alinyosha mkono akachanga karata zake. "Tucheze," alisema. "Nitaivunja."

Hawakuivunja siku hiyo, wala hawakuimaliza. Lokaale alipoinuka kuchukua kigoda chake alimwuliza Nyaruach, kwa uso usiocheka kabisa, mbuzi wake wa karata atamrudishia lini.

Jumamosi Makena alifika Lodwar na miwani yake na chupa ya maji, wakamkalisha kwenye ukumbi mdogo ambapo feni ilizunguka bila kuleta hewa. Thon na Nyaruach walikuwa wamekuja kutoka Kakuma na vibali vyao vya kutoka kambini. Malith alishika karata za mchezaji wa nne. Akeno alisimama ukutani, mikono nyuma, vidole vinasokotana. Alieleza kanuni mpya kwa maneno machache, akanyamaza, kwa sababu mpishi hasimami juu ya mgeni akimwambia hiki kitamu.

Makena akanunua kisima. Kisima. Ngamia. Akeno akafumba macho.

"Toa mbuzi mmoja," Makena alisoma. "Haya, Malith, shika."

"Ahsante, mama. Nimeshiba," Malith alisema. Naye alikuwa na visima.

"Nyaruach?"

"Ninaye wa kutosha leo, mama. Mchungaji wangu amechoka."

Makena akamrudisha mbuzi mkononi, akacheka kidogo, akacheza kwa tabu. Raundi mbili alikwama. Kisha akanunua duka, akaona karata zake za aina nyingi zinaanza kumlipa, akainama mbele. Akashinda mchezo wa kwanza kwa duka, njia ambayo tangu Malisho ianze hakuna aliyeipita. Wa pili alirudi kwa ngamia kwa makusudi. Nyaruach akampokelea mbuzi wote, Makena akakonda vizuri kabisa, na Nyaruach akamshinda kwa mbuzi hao hao aliopewa.

"Nimemlisha mwenyewe!" Makena alisema, akapiga meza. "Na nisingemlisha nisingetembea." Akavua miwani. "Tena."

Mchezo wa tatu ulifika mwisho wake na Sherehe moja tu imebaki sokoni. Makena alikuwa ameshika kisima. Thon, mwenye ngamia wawili, mchungaji na mbuzi mmoja, alikuwa amefungana naye. Makena alivuta karata mbili, akamwangalia kijana, akamsukumia mbuzi mezani.

"Toa mbuzi mmoja," alisema. "Nakupa wewe. Unamtaka?"

Akeno alisogea kutoka ukutani bila kujijua. Alihesabu pamoja na Thon. Akimpokea, mbuzi huyo na mchungaji wake watamwongezea maziwa, nane yawe kumi, yatoshe kwa Sherehe ile ya mwisho. Lakini Makena atakuwa amepunguza mzigo, na zamu hii bado ni yake, na nani ajuaye amevuta nini. Akimkataa, Makena anabaki naye, ila Thon naye anabaki na maziwa pungufu.

Thon alifungua mdomo kujibu haraka, kama desturi yake. Akaufunga. Akaangalia karata zake. Akamwangalia mbuzi. Simu ikalia mfukoni mwake na hakuigusa.

Makena aligeuza kichwa taratibu akamtafuta Akeno. "Huyu ndiye yule kijana uliyeniambia anacheza amelala?"

"Ndiye."

"Nikikuuliza nifanye nini nishinde kila mara, utanijibu?"

"Sijui, mama," Akeno alisema. "Kwa Mungu, sijui tena."

"Hata mimi sijui." Makena akalivuta boksi upande wake wa meza na kuweka kiganja juu yake. "Nitaondoka nalo. Tutazungumza mambo ya kuchapa tukimaliza—"

"Nyamazeni kwanza," Thon alisema, jasho likimtoka, mkono umesimama hewani juu ya mbuzi. "Nafikiri."